Alama 37 Iliyokuwa 73: Masahihisho ya Mwisho Yanavyoingia Kwenye Ripoti ya Shule

Mwalimu wa taaluma anapokusanya alama za mtihani wa mwisho wa mwaka, kazi inayomtisha ni kuunganisha mafaili ya walimu wote. Kwa kweli hiyo ndiyo sehemu rahisi. Programu ndogo inaweza kusoma mafaili yote ya kidato kizima na kuyaweka pamoja kabla chai haijapoa. Ripoti huharibikia kwenye masahihisho: alama iliyobadilishwa baada ya faili kusomwa, au baada ya ripoti kuchapwa, ambayo haikufika popote, au ilifika, kisha usiku uliofuata faili la zamani likaifuta bila mtu kujua.

Nitafuata sahihisho moja la namna hiyo katika shule ya sekondari ya kutwa ya hapa Tanzania, ambayo jina lake naliacha. Tuchukue Kidato cha Tatu chenye wanafunzi 86 katika mikondo miwili, na kati yao 52 wanasoma Kemia. Kila mwalimu ana faili la Excel kwa kila somo na kila mkondo, kwa mfano `KEM-3A.xlsx`, na mafaili yote hukaa kwenye folda moja ya pamoja katika kompyuta ya ofisi ya taaluma. Kila siku saa 3 usiku programu iliyoandikwa kwa Python huyafungua mafaili hayo moja baada ya jingine, huchukua alama, na kuziweka kwenye hifadhidata ya SQLite ambayo ndiyo hutoa ripoti.

Saa hiyo ilichaguliwa makusudi. Mchana walimu wanajaza, wanafuta, wanarudia. Faili linalosomwa katikati ya kazi hutoa nusu ya ukweli. Excel yenyewe husaidia hapa, kwa sababu mtu akiwa amelifungua faili, pembeni yake huwa kuna faili jingine lililofichwa ambalo jina lake huanza na `~$`. Programu ikiliona hilo hulipita faili husika na kuandika kwamba halikusomwa. Umeme ukikatika saa 3, kompyuta imewekwa ifanye kazi iliyokosa mara tu inapowashwa. Hilo halina hatari kwa kuwa programu imetengenezwa kiasi kwamba kuiendesha mara mbili juu ya mafaili yaleyale hakubadilishi chochote. Hiyo ni sifa ya kwanza ya kuipima kabla ya kuamini kazi yoyote ya namna hii: iendeshe, iendeshe tena, kisha uangalie kama kuna hata alama moja iliyoguswa mara ya pili.

Kila alama hutambuliwa kwa vitu vitatu: namba ya kuandikishwa ya mwanafunzi, somo, na mtihani. Jina halitumiki hata kidogo. Mkondo mmoja unaweza kuwa na akina Neema Juma wawili, na walimu watatu wataandika jina la mwanafunzi mmoja kwa namna tatu. Namba nayo ina mtego wake. Ukiandika 0417 kwenye seli ya kawaida, Excel huiona kama tarakimu na kubakiza 417. Kwa hiyo safu ya namba kwenye faili mama iliwekwa kama maandishi tangu mwanzo, na walimu hupewa faili lenye namba na majina tayari. Wao hujaza safu moja tu ya alama.

Mwanafunzi tutakayemfuata ndiye huyo 0417. Baada ya mafaili yote kuunganishwa, alama zake zilisomeka hivi: Uraia 61, Historia 58, Jiografia 66, Kiswahili 78, Kiingereza 52, Biolojia 67, Kemia 37, Fizikia 44 na Hisabati 29. Jumla ni 492, na wastani ni 54.67. Kwa madaraja yanayotumiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. A ina pointi 1 na F ina pointi 5. Divisheni huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Yake yalimpa 1, 2, 2, 3, 3, 3 na 4, yaani pointi 18. Divisheni ya kwanza hukomea pointi 17, kwa hiyo akawa wa divisheni ya pili, pointi moja tu nje ya mlango.

Kabla ya kufika kwenye Kemia yake, kuna jambo la seli tupu linalostahili kuzungumziwa kidogo. Seli tupu kwenye safu ya alama inaweza kumaanisha mwanafunzi hasomi somo hilo, au hakufanya mtihani, au mwalimu bado hajaingiza alama. Kwa macho zote tatu zinafanana. Programu ikizigeuza zote kuwa sifuri, kama mafomula mengi ya Excel yanavyofanya yenyewe, madhara hayaonekani pale unapoyatarajia. Tuseme alama ya Historia ya 0417 bado haijaingizwa na imehesabiwa kama 0. Wastani wake unaporomoka hadi 48.22, na nafasi yake kidatoni inashuka vibaya. Lakini pointi zake zinakuwa 19 tu, na divisheni inabaki ileile ya pili, maana Historia inaachwa nje ya yale saba bora. Mwalimu anayekagua ripoti kwa kutazama divisheni hataona kitu. Ndiyo maana shule hii iliamua mambo mawili: asiyefanya mtihani huandikiwa X kwa mkono wa mwalimu, na orodha ya nani anasoma somo gani hukaa kwenye hifadhidata, si kwenye mafaili ya alama. Seli tupu ya mwanafunzi ambaye orodha inasema anasoma somo hilo huhesabiwa kuwa deni, na muhtasari wa asubuhi humtaja mwalimu anayedaiwa.

Sasa tuje kwenye masahihisho yenyewe. Yako ya aina mbili, na kila aina ina njia yake: yanayokuja kabla alama hazijafungwa, na yanayokuja baada ya hapo.

Kabla ya kufungwa, mwalimu husahihisha ndani ya faili lake mwenyewe. Wengi hudhani kanuni iliyo wazi ni kufuata faili lililohifadhiwa mwisho. Kanuni hiyo ndiyo inayofuta masahihisho. Mwalimu wa Biolojia alichukua faili lake kwenye flashi Jumatatu akaenda kumalizia kusahihisha nyumbani. Jumanne, ofisini, ikagundulika kwamba karatasi ya mwanafunzi mmoja ilijumlishwa vibaya, na alama yake kwenye faili la ofisini ikabadilishwa kutoka 54 kuwa 58. Jumatano mwalimu akarudi na flashi yenye alama mpya 12 na kuliweka faili lake juu ya lile la ofisini. Faili lake ndilo jipya kwa tarehe. Ndani yake kuna alama 12 za kweli na moja iliyokwisha kukataliwa.

Programu hii haiulizi faili ni la lini. Kila usiku hulinganisha seli kwa seli: faili lilisema nini usiku uliopita, na linasema nini leo. Seli isiyobadilika haina habari yoyote. Seli iliyokuwa tupu na sasa ina alama huingia moja kwa moja. Seli iliyobadilika kutoka alama moja kwenda nyingine huangaliwa kwenye daftari, jedwali la pili ambalo huhifadhi kila alama iliyowahi kuingia, ya nani, lini, na kutoka faili gani. Daftari hilo huongezwa tu. Hakuna mstari unaofutwa. Ikiwa alama inayoletwa leo ni ile ambayo daftari linasema ilikwisha kuachwa, haiingii. Husimamishwa na kungoja mtu. Kwa hiyo usiku wa Jumatano alama 12 ziliingia, na ile 54 ikasimama. Asubuhi mwalimu wa taaluma alikuwa na swali moja tu la kuuliza: «Mwalimu, huyu mtoto ni 58 au 54?» Na jibu lilipatikana kwenye karatasi ya majibu.

Kanuni hiyo ina gharama yake. Itakuwepo siku ambayo 58 ndiyo iliyokosewa na mwalimu anarudisha 54 kwa haki kabisa, na programu itamsimamisha vilevile. Naiona ni gharama nafuu: swali moja la asubuhi, kwa kulinganisha na alama inayopotea bila mtu kusikia.

Kuna kosa jingine la kabla ya kufungwa ambalo naliogopa kuliko yote, nalo ni la kupanga. Mwalimu anataka kuona nani ameongoza, anateua safu ya alama peke yake, anabonyeza kupanga kutoka juu kwenda chini. Excel humwonya na kumuuliza kama apanue uteuzi. Akijibu vibaya, majina yanabaki mahali pake na alama zinahama. Kila mwanafunzi sasa ana alama ya mwenzake. Hakuna seli tupu, hakuna alama zaidi ya 100, wastani wa somo haujasogea hata kidogo. Ukaguzi wa kawaida wote unapita.

Kinacholifichua kosa hili ni hicho hicho kinacholificha: alama ni zilezile. Wanafunzi wanaposahihishiwa kwa kweli, mkusanyiko wa alama hubadilika. Alama zikibaki zilezile huku wenye alama wakibadilika, karibu kila mara safu imepangwa peke yake. Mistari inayolikamata ni michache:

```python
from collections import Counter

if zamani != mpya and Counter(zamani.values()) == Counter(mpya.values()):
    simamisha(faili, "alama zilezile, wenye alama wamebadilika")
```

Hapa `zamani` na `mpya` ni kamusi za Python zenye namba ya mwanafunzi na alama yake, ya jana na ya leo. Udhaifu wake upo: mwalimu akipanga safu na siku hiyohiyo akaongeza alama za wanafunzi wawili waliochelewa, mikusanyiko haitalingana tena na mtego hautafyatuka. Kwa sababu hiyo kuna kizuizi cha pili kisicho na ujanja wowote. Faili ambalo zaidi ya alama 5 zilizokwisha kuingia zimebadilika kwa usiku mmoja halisomwi kabisa mpaka mwalimu wa taaluma aseme sawa.

Siku ya kufunga alama ikifika, utaratibu unageuka. Kuanzia hapo mafaili ya walimu hayana tena uwezo wa kubadilisha chochote. Programu huendelea kuyasoma kila usiku, lakini kwa kulinganisha tu. Ikiona tofauti huiandika kwenye muhtasari na kuiacha. Ukitaka kubadilisha alama baada ya hapo, unajaza mstari kwenye faili moja la pekee, `MAREKEBISHO.xlsx`, lenye namba ya mwanafunzi, somo, mtihani, alama ya zamani, alama mpya, sababu, na jina la anayeomba. Mwalimu wa taaluma hutia idhini yake kwenye safu ya mwisho baada ya kuiona karatasi ya majibu kwa macho yake.

Safu ya alama ya zamani ndiyo moyo wa faili hilo. Wengi wangeiona kama usumbufu, maana mfumo tayari unaijua alama ya zamani. Lakini anayejaza hathibitishi tu anachotaka kiwe. Anathibitisha pia anachoamini kipo sasa. Kama imani yake ni potofu, sahihisho halipaswi kuingia.

Siku ya kufunga shule ripoti zilikuwa zimechapwa, na karatasi za mtihani zikagawiwa madarasani. 0417 akaja ofisini na vitu viwili mkononi. «Shikamoo Mwalimu. Karatasi yangu ya Kemia ina 73, ripoti inasema 37.» Mwalimu wa Kemia akaitwa, karatasi ikajumlishwa upya swali kwa swali, na 73 ikathibitika. Tarakimu zilipinduliwa wakati wa kuingiza. Kosa la aina hii lina alama yake: tarakimu mbili zikibadilishana mahali, tofauti ya namba hizo hugawanyika kwa 9 daima. 73 kutoa 37 ni 36, yaani 9 mara 4. Sahihisho ambalo tofauti yake haigawanyiki kwa 9 si la kupinduliwa tarakimu, hata mwombaji akiandika hivyo kwenye sababu, na hapo inafaa kuuliza zaidi.

Mstari ukajazwa na kuidhinishwa. Saa 3 usiku programu iliugeuza kuwa amri hii:

```sql
UPDATE alama
SET    thamani = 73
WHERE  namba = '0417'
  AND  somo = 'KEM'
  AND  mtihani = '2025-MWISHO'
  AND  thamani = 37;
```

Tazama mstari wa mwisho. Amri inabadilisha alama ikiwa tu alama iliyopo ni 37. Kama mtu mwingine ameshaisahihisha, au namba ya mwanafunzi imekosewa na huyo mwingine ana 52, hakuna mstari utakaoguswa. Hifadhidata hujibu kwamba mistari 0 imebadilika, na programu huchukua jibu hilo kama kukataliwa na kulieleza kwenye muhtasari. Ikijibu 1, daftari huandikiwa papo hapo, ndani ya muamala mmoja na amri hiyo, ili isitokee alama ikabadilika bila historia au historia ikaandikwa bila alama kubadilika. Uzuri mwingine ni kwamba mstari huo wa marekebisho ukisomwa tena kesho hautafanya kitu, kwa kuwa alama sasa ni 73.

Alama moja imebadilika. Je, ripoti ngapi zimebadilika?

Yake kwanza. Jumla yake sasa ni 528 na wastani 58.67. Kemia imetoka D kwenda B, pointi kutoka 4 kwenda 2, na yale saba bora yanampa 1, 2, 2, 2, 3, 3 na 3, yaani 16. Yuko divisheni ya kwanza. Kidatoni alikuwa wa 31; kwa wastani mpya amekuwa wa 22. Maana yake ni kwamba wanafunzi tisa waliokuwa wa 22 hadi wa 30 wameshuka nafasi moja kila mmoja, bila kuguswa alama hata moja. Ripoti 10 zimeshabadilika. Halafu kuna wastani wa somo, ambao ripoti ya shule hii huuchapa pembeni ya kila alama. Alama 36 zilizoongezeka, zikigawanywa kwa wanafunzi 52 wa Kemia, zinapandisha wastani wa somo kwa karibu 0.7. Ukiwa ulichapwa 46.2, sasa ni 46.9, na ripoti zote 52 zimepitwa na wakati. Na kati ya wale tisa walioshuka, wasiosoma Kemia wanaongezeka juu ya hizo 52.

Hapa hesabu inakoma na uamuzi wa kibinadamu unaanza. Kuchapa upya ripoti zaidi ya 50 kwa sahihisho moja hakuna shule itakayofanya, na ikifanya mara ya kwanza haitafanya mara ya tatu. Kuacha zote zilivyo ni kumdhulumu 0417. Shule iliamua kwamba kila ripoti inayochapwa huhifadhiwa nzima kama ilivyotoka, ikiwa na namba ya toleo na tarehe ya usiku ambao alama zake zilisomwa, vyote vikiwa vimechapwa chini ya ukurasa. Toleo la 2 hupewa yule tu ambaye alama, daraja au divisheni yake imebadilika. Aliyesogezwa nafasi na sahihisho la mwenzake hachapiwi upya; mwalimu wa darasa hupewa orodha, na mzazi akiuliza anajibiwa kwa karatasi mbili mkononi. Wastani wa somo haurekebishwi kwenye ripoti zilizotoka, ila takwimu za shule hutumia ule mpya.

Nakubaliana na uamuzi huo isipokuwa mahali pamoja. Nafasi kidatoni ndiyo namba dhaifu kuliko zote kwenye ripoti, maana inategemea alama za watu wengine 85 na haitulii mpaka sahihisho la mwisho kabisa liingie. Kuichapa siku ya kufunga shule, saa chache kabla watoto hawajaziona karatasi zao, ni kuchapa namba inayojulikana wazi kwamba itahama. Ningegawa karatasi za majibu kwanza, nikaacha siku tatu za malalamiko, ndipo nikafunga alama na kuchapa. Masahihisho mengi yangeingia kwa njia nyepesi ya kabla ya kufungwa, na faili la `MAREKEBISHO` lingebaki na mistari michache ya kweli.

Hata hivyo, hilo lingetibu upande mmoja tu. Daftari la masahihisho ya baada ya kuchapwa, ukilisoma lote, karibu kila mstari unapandisha alama. Vidole vinavyogeuza 73 kuwa 37 hugeuza pia 37 kuwa 73, na kwa uwezekano uleule. Tofauti ni kwamba mtoto aliyepewa 73 isiyo yake hana sababu ya kuja ofisini na karatasi mkononi. Makosa ya upande huo hayafiki kwenye faili lolote, na hakuna programu ya saa 3 usiku itakayoyaona, kwa kuwa 73 ni alama halali kabisa.

Dawa yake iko nje ya kompyuta. Kabla ya kufunga alama, mwalimu asiyehusika na somo huchota karatasi 5 za majibu kutoka kila mkondo bila kuchagua, na kuzilinganisha na alama zilizoko kwenye hifadhidata, si kwenye faili la mwalimu. Moja ikitofautiana, mkondo wote hulinganishwa karatasi kwa karatasi. Karatasi 5 haziwezi kukamata kila kosa la pekee, na kosa moja kati ya alama 26 litaponyoka mara nyingi kuliko litakavyonaswa. Lakini zitamkamata mwalimu aliyeingiza alama kwa haraka usiku wa mwisho na kukosea nane au tisa, na faili la namna hiyo ndilo linalozaa masahihisho mengi baada ya ripoti kutoka.